Nyota Inayumba, Ila Tunaona Upande Mmoja Tu

Mabibi na mabwana, ndugu zangu,

Nimeombwa nieleze jinsi sayari inavyopatikana bila yeyote kuiona, nami nitaeleza kwa kutumia nyota mbili tu. Ya kwanza ni 51 Pegasi, iliyomo katika kundinyota la Farasi, umbali wa miakanuru 50 hivi kutoka hapa tulipo. Ya pili haina jina, ina namba ya orodha tu: HD 114762. Zote mbili zilikutwa zikiyumba. Zote mbili zilipigiwa hesabu ile ile ili kujua ni kitu gani kinachoziyumbisha. Kwa 51 Pegasi hesabu ilitoa sayari, na kweli ni sayari. Kwa HD 114762 ilitoa kitu chenye uzito usiopungua mara 11 ya ule wa Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote zinazolizunguka Jua letu, na kwa miaka zaidi ya 30 watu wakawa wanajiuliza kama ni sayari kubwa au ni kitu kizito zaidi. Kumbe ni nyota. Na hesabu haikukosewa hata kidogo. Nataka tukitoka hapa kila mmoja awe ameelewa jinsi hesabu sahihi inavyoweza kukaa miaka yote hiyo na jibu lililo pungufu hivyo.

Tuanze na kuyumba kwenyewe. Tumezoea kusema kwamba sayari huizunguka nyota, kana kwamba nyota imetulia pale katikati. Ukweli ni kwamba vyote viwili vinazunguka nukta moja iliyo kati yao, ambayo ni kitovu cha uzito wao. Fikiria mtu mzima ameshikana mikono na mtoto mdogo, wanazungushana. Mtoto atakimbia duara kubwa, mtu mzima atapiga hatua ndogondogo pale pale. Lakini hatasimama. Akisimama kabisa, mtoto atamwangusha. Nyota nayo ni hivyo: inapiga duara dogo, kwa muda ule ule ambao sayari inapiga duara lake kubwa, na siku zote viko pande mbili zinazokabiliana.

Duara hilo la nyota ni dogo kiasi gani? Kwa 51 Pegasi, nusu kipenyo chake ni kama kilomita 3,300. Nyota yenyewe ni kubwa kuliko Jua letu, ambalo nusu kipenyo chake ni karibu kilomita 700,000. Kwa hiyo kitovu cha nyota kinazunguka ndani kabisa ya mwili wa nyota, na nyota nzima inasogea chini ya nusu ya asilimia moja ya unene wake. Kutoka miakanuru 50, hakuna darubini iliyoweza kuuona msogeo huo ukitokea angani. Ndiyo maana hatukuutafuta kwa kutazama mahali nyota ilipo. Tuliutafuta kwa kusoma mwendo wake ndani ya mwanga wake.

Mwanga wa nyota ukipitishwa katika chombo kinachoitwa spektrografu, unatandazwa kuwa utepe wa rangi kuanzia zambarau hadi nyekundu. Utepe huo haukukamilika. Umekatwakatwa na mistari myembamba ya giza, maelfu kwa maelfu, na kila mstari ni alama ya elementi fulani katika anga la nyota: chuma, kalisi, sodiamu na nyinginezo. Kila elementi hufyonza mwanga katika urefu wa wimbi uliopangwa na maumbile, na urefu huo tunaujua kutoka maabara. Sasa nyota inapokuja upande wetu, mawimbi yanabanwa kidogo na mistari yote inahamia upande wa buluu. Inaporudi nyuma, mawimbi yananyooshwa na mistari inahamia upande wa nyekundu. Hii ni athari ya Doppler, na kanuni yake ni rahisi mno: mstari unahama kwa sehemu ile ile ambayo kasi ya nyota ni sehemu ya kasi ya mwanga.

Basi tuone ugumu wa kazi hii. 51 Pegasi inakuja na kurudi kwa kasi inayofika mita 56 kwa sekunde. Hiyo ni kama kilomita 200 kwa saa, kasi ambayo hata gari la mashindano linaweza kuifikia. Mwanga unakwenda karibu mita milioni 300 kwa sekunde. Gawanya, utapata karibu sehemu 2 katika milioni 10. Mstari uliopo kwenye nanomita 550, yaani katika rangi ya kijani, utahama kwa nanomita 0.0001. Mstari wenyewe una upana unaozidi msogeo huo mara mia na zaidi. Kwenye kihisio kinachopokea picha, msogeo huo haufiki hata sehemu ya kumi ya pikseli moja. Ukiuangalia mstari mmoja peke yake, jana na leo, hutaona tofauti yoyote. Nimekaa na picha hizo mbele yangu usiku kucha, nami nawaambia jicho halioni kitu.

Dawa yake ni kutoutazama mstari mmoja. Unachukua maelfu ya mistari kwa pamoja. Unatengeneza kiolezo, mfano wa karatasi iliyotobolewa matundu pale tu ambapo mistari ya nyota ya aina hiyo inapaswa kuwa, kisha unakitelezesha juu ya utepe wa rangi kidogo kidogo mpaka matundu yakae sawasawa juu ya mistari. Mahali kinapokaa vizuri kuliko pengine pote ndiko kunakokupa kasi. Mstari mmoja una makosa makubwa, lakini maelfu ya mistari yakikubaliana, kosa linapungua sana. Hivi ndivyo walivyofanya Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz wa Geneva, kwa spektrografu iliyoitwa ELODIE, iliyofungwa kwenye darubini yenye kioo cha mita 1.93 katika paoneaanga pa Haute-Provence, kusini mwa Ufaransa. Chombo hicho kiliweza kupima kasi ya nyota kwa kosa la mita 13 hivi kwa sekunde.

Lakini kabla ya kusema nyota inayumba, ni lazima uondoe kila kitu kingine kinachoyumba. Na cha kwanza ni sisi wenyewe. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, zaidi ya mara 500 ya kasi tunayoitafuta. Juu ya hapo inajizungusha yenyewe, na mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa kwa karibu nusu kilomita kwa sekunde. Mwendo huu wote unaingia katika kipimo, na ni lazima utolewe kwa usahihi mkubwa, kwa kujua saa, mahali darubini ilipo, na nyota iko upande gani. Nilipokuwa ninajifunza kazi hii, niliwahi kupata mawimbi mazuri sana katika vipimo vya nyota moja, yanapanda na kushuka kwa ulaini wa kupendeza. Nilipopima muda wa wimbi moja nikakuta ni siku 365. Moyo ukashuka. Nilikuwa nimeiandika saa ya vipimo kwa makosa, na "sayari" yangu ilikuwa mwendo wa Dunia ambao sikuutoa vizuri. Tangu siku hiyo, kipindi chochote kinachokaribia mwaka mmoja, au siku moja, au mwezi wa mbalamwezi, ninakitilia shaka kwanza, kwa sababu hizo ni saa zetu sisi, hazihusiani na nyota.

Cha pili ni chombo chenyewe. Joto likibadilika kidogo, au shinikizo la hewa, vioo vinasogea, na mistari yote inasogea navyo. ELODIE ilikabili hilo kwa kuleta mwanga wa taa ya toriamu kupitia uzi wa kioo ulio sambamba na ule wa nyota. Mistari ya taa haina mwendo, kwa hiyo ikionekana imehama, unajua ni chombo kilichohama, na unatoa kiasi hicho hicho kwenye kipimo cha nyota. Wamarekani Geoffrey Marcy na Paul Butler walitumia njia nyingine: walipitisha mwanga wa nyota ndani ya chupa ya mvuke wa iodini, ili iodini ichapishe mistari yake juu ya ile ya nyota, ikawa kama rula iliyobandikwa juu ya kitambaa kinachopimwa.

Cha tatu ndicho kinachosumbua hadi leo, nacho ni ngozi ya nyota. Nyota haiko laini kama mpira. Ina madoa meusi, ina gesi inayochemka ikipanda na kushuka, na nyingine hupumua kwa kutanuka na kusinyaa. Doa likipita mbele ya nyota inayojizungusha, linaziba kwanza upande unaokuja kwetu, kisha upande unaotuacha, na mistari inaonekana kana kwamba nyota nzima imeyumba. Namna ya kutambua ni kuangalia umbo la mstari. Sayari huihamisha nyota nzima, kwa hiyo mstari unahama mzima mzima bila kupinda. Doa au pumzi ya nyota huupinda mstari, upande mmoja ukavutika kuliko mwingine. Mwaka 1997 mwanaastronomia David Gray alitangaza kwamba mistari ya 51 Pegasi inapinda kwa kipindi kile kile cha sayari inayodaiwa, maana yake sayari haipo. Ilikuwa hoja nzito na ilistahili kujibiwa. Mwaka uliofuata vipimo bora zaidi, vikiwemo vyake mwenyewe, vilionyesha mistari haipindi, naye akaiondoa hoja yake hadharani.

Basi kuanzia mwishoni mwa 1994 Mayor na Queloz wanaona 51 Pegasi ikija na kurudi kila baada ya siku 4.23. Siku nne! Mshtarii wetu huchukua karibu miaka 12. Hakuna aliyetarajia sayari kubwa iliyoikaribia nyota yake kiasi hicho. Nyota ikafichwa na mwanga wa Jua kwa miezi kadhaa, na katika muda huo walihesabu itakapotokea tena, usiku fulani, itakuwa na kasi gani. Julai 1995 wakarudi kwenye darubini, na nyota ikafuata hesabu yao usiku baada ya usiku. Oktoba 1995 wakatangaza mjini Florence, na siku chache baadaye Marcy na Butler wakaithibitisha kwa chombo chao cha California. Mwaka 2019 Mayor na Queloz walitunukiwa pamoja nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Sasa tufanye hesabu ya uzito, maana ndani yake ndimo jambo letu limejificha. Nitasema "uzito" kwa lugha ya kawaida, ingawa darasani tungesema tungamo.

Tunacho kipindi, siku 4.23. Tunajua uzito wa nyota kutokana na rangi na mng'ao wake: ni karibu 1.1 ya Jua. Kanuni ya tatu ya Kepler inatupa umbali kati ya nyota na sayari kutokana na hivyo viwili tu, nao ni 0.053 ya umbali wa Dunia kutoka kwenye Jua. Ukishajua ukubwa wa duara na muda wa kulizunguka, kasi ya sayari unaipata kwa kugawanya: kilomita 136 kwa sekunde, au mita 136,000. Sasa rudi kwa mtu mzima na mtoto. Uzito wa nyota mara kasi yake ni sawa na uzito wa sayari mara kasi yake. Nyota ina mita 56 kwa sekunde, sayari 136,000. Sayari ina kasi mara 2,430 ya nyota, kwa hiyo uzito wake ni sehemu moja katika 2,430 ya nyota. Nyota yenye 1.1 ya Jua ina uzito wa Mshtarii 1,150 hivi. Gawanya kwa 2,430 upate 0.47. Kitu hicho ni kidogo kuliko nusu ya Mshtarii.

Hesabu imekwisha, na mtu anaweza kwenda nyumbani ameridhika. Lakini ngojeni. Nimefanya jambo moja bila kuwaomba ruhusa. Ile kasi ya sayari, mita 136,000, ni kasi yake kamili, imetoka kwa Kepler, na Kepler hajali sisi tumesimama wapi. Ile kasi ya nyota, mita 56, imetoka kwenye mistari ya mwanga, na mistari ya mwanga inajua sehemu moja tu ya mwendo: sehemu inayokuja kwetu au kutuacha. Nyota ikienda pembeni, kulia au kushoto, juu au chini, mistari inabaki palepale. Nimechukua sehemu ya kasi nikaiita kasi nzima.

Tazameni hii pete ya waya niliyoishika. Nimeivika ushanga mmoja, na ushanga huu ndio nyota yetu ikipiga duara lake dogo. Nikiishika pete ikiwa imelala, ubavu wake ukiwa mbele ya macho yenu, mnaona kama kijiti tu. Ushanga ukizunguka, kwa nusu ya safari unawajia, nusu nyingine unawaacha, na mara mbili katika mzunguko kasi yake yote iko kwenye mstari wa macho yenu. Hapo hamkosi kitu. Sasa naigeuza pete taratibu mpaka nimeisimamisha, mnaiona mviringo kamili kama uso wa saa. Ushanga unazunguka kwa kasi ile ile kabisa, haujapunguza hata kidogo, lakini hausogei karibu nanyi wala mbali. Mkiwa na spektrografu hapo mlipokaa, mngeandika: nyota imetulia, haina sayari. Na katikati ya hali hizi mbili, pete ikiwa imeinama, mngepata sehemu tu ya kasi.

Pembe hiyo ya mwinamo huitwa i. Digrii 90 ni pete ya ubavu, digrii 0 ni pete ya uso. Kasi tunayoipima ni kasi kamili mara sin i. Kwa hiyo 0.47 tuliyoipata si uzito wa sayari, ni uzito wake mara sin i. Na kwa kuwa sin i haiwezi kuzidi 1, uzito wa kweli hauwezi kuwa chini ya 0.47. Ni sakafu. Juu ya sakafu hiyo dari halionekani. Katika majedwali ya sayari mtaukuta umeandikwa `m sin i`, na ninawasihi msiisome safu hiyo kana kwamba imeandikwa `m`.

Mtu makini ataniuliza: basi si tuendelee kupima, miaka 10, miaka 20, mpaka pembe ijulikane? Haitajulikana, na hapa ndipo penye shina la jambo. Mwinamo haubadilishi umbo la wimbi, unabadilisha kimo chake tu. Kipindi kinabaki kile kile. Hata kama njia ya sayari ni yai badala ya duara, na wimbi likawa na mgongo mkali upande mmoja, umbo hilo linabaki vilevile pembe iwe digrii 90 au digrii 5. Sayari nyepesi katika pete ya ubavu na sayari nzito katika pete iliyoinama hutoa wimbi lile lile, nukta kwa nukta. Vipimo zaidi vitakuchorea wimbi hilo kwa wino mzuri zaidi, basi. Taarifa ya pembe haikupotea kwa uvivu wa mpimaji. Haikuwahi kuingia kwenye kipimo. Zipo nyota chache zenye sayari kubwa zinazovutana zenyewe kwa nguvu, na mvutano huo huacha alama inayodokeza uzito wao wa kweli, lakini kwa sayari iliyo peke yake njia hiyo haipo.

Je, sakafu hii iko mbali na ukweli? Mara nyingi sivyo. Chukua ekseli ya mzunguko wa sayari, ule mhimili unaopita katikati ya pete, na uache uelekee popote angani bila upendeleo. Eneo linalotukabili sisi moja kwa moja ni dogo, kama kofia ndogo juu ya ncha ya tufe, ilhali mkanda wa katikati ya tufe ni mpana. Kwa hiyo pete za ubavu ni nyingi kuliko pete za uso. Ukihesabu, nusu ya mizunguko yote ina mwinamo unaozidi digrii 60, na katika hiyo uzito wa kweli hauzidi sakafu kwa zaidi ya asilimia 15 hivi. Uwezekano wa uzito wa kweli kuwa zaidi ya mara mbili ya sakafu ni asilimia 13. Zaidi ya mara kumi ni mara moja tu katika 200. Kwa kitu cha 51 Pegasi kufikia Mshtarii 13, kiwango ambacho wengi hukitumia kutenga sayari na vibete kahawia, yaani vitu vizito kuliko sayari lakini vyepesi mno kuwaka kama nyota, pete ingepaswa kuinama kwa digrii 2 tu kutoka kwenye uso, na hilo hutokea mara moja katika 1,500 hivi.

Namba hizo zinafariji, na ndiyo maana zinahitaji tahadhari. Zinasema juu ya nyota moja iliyochaguliwa bila kujua lolote. Wewe ukipima nyota maelfu, jambo la mara moja katika 500 litakutokea, tena zaidi ya mara moja. Zaidi ya hapo, nyota zenye nyota wenza ni nyingi sana. Kati ya wenza wote hao wachache lazima wawe wamekaa uso kwa uso nasi, na hao ndio watakaojitokeza kwenye orodha yako wakiwa wamevaa nguo za sayari.

Mwenza wa HD 114762 alikuwa mmoja wao. Mwaka 1989 David Latham na wenzake walitangaza kwamba nyota hiyo, ambayo ilikuwa ikipimwa kama nyota ya kusawazishia vyombo, inayumba kwa kipindi cha siku 84, kwa kasi inayofika mita 612 kwa sekunde. Uzito wa chini: Mshtarii 11. Hiyo ni miaka sita kabla ya 51 Pegasi. Wao wenyewe walikuwa waangalifu, wakaandika kwamba huenda ni kibete kahawia, kwa sababu walijua sin i haijulikani. Mapema miaka ya 1990 kulikuwa na dokezo jingine. Mistari ya nyota hiyo ilikuwa myembamba kuliko ilivyotarajiwa. Nyota inayojizungusha hupanua mistari yake, upande mmoja ukija na mwingine ukienda, na upanuzi huo nao hupunguzwa na sin i ile ile ikiwa nyota inaegemea upande mmoja na mzunguko wa mwenza wake. Mistari myembamba ilimaanisha ama nyota inajizungusha taratibu, ama tunaitazama kutoka utosini. Dokezo tu, halikuwa ushahidi.

Jibu lilikuja kutoka kwa mwendo ule ambao spektrografu haiuoni. Chombo cha angani cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa Desemba 2013, hakikuumbwa hasa kwa kufuata mistari. Kilipima mahali nyota ilipo angani, kwa usahihi usiowahi kupatikana. Kwa hiyo kiliona mwendo wa pembeni, ule wa pete ya uso, na hapo ndipo 51 Pegasi na HD 114762 zinapotengana. Kama HD 114762 ingekuwa pete ya ubavu na mwenza wa Mshtarii 11, nusu kipenyo cha duara lake kingekuwa chini ya kilomita 700,000. Gaia ilikuta duara la zaidi ya kilomita milioni 10. Pembe ya mwinamo ni chini ya digrii 4. Ile mita 612 ilikuwa makombo ya kasi inayokaribia kilomita 10 kwa sekunde, ambayo karibu yote ilikuwa inakwenda pembeni. Data zilizotolewa Juni 2022 ziliupa mwenza huyo uzito wa karibu moja ya tano ya Jua, yaani zaidi ya Mshtarii 200: nyota ndogo nyekundu, hafifu mno kuonekana katika mng'ao wa mwenzake.

Njia ya pili ya kuipata pembe ni bahati. Pete ikiwa ya ubavu kabisa, sayari hupita mbele ya nyota na kuipunguzia mwanga kidogo, kila mzunguko, kwa saa ile ile. Mwaka 1999 hilo lilionekana kwa mara ya kwanza kwa nyota HD 209458, ambayo tayari ilijulikana inayumba kwa kipindi cha siku 3.5. Mwanga ulipungua kwa zaidi kidogo ya asilimia 1, wakati huo huo ambao wimbi la kasi lilitabiri. Sin i ikawa karibu 1, na sakafu ikageuka kuwa uzito wenyewe. Shaka nyingi zilizokuwa zimebaki juu ya njia hii ya kuyumba zilizimwa na kivuli hicho.

51 Pegasi haijaonekana ikipitwa mbele. Kwa hiyo kwa miaka mingi 0.47 ilibaki sakafu. Kilichoimaliza hadithi yake ni njia ya tatu, ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu ni ile ile ya kwanza ikitumiwa kwa mwenza wa pili. Sayari hii iko karibu na nyota yake kiasi cha kuwaka kwa joto, na mwanga wake wa infraredi una mistari yake yenyewe, ya kaboni monoksidi na mvuke wa maji. Mistari hiyo imezama ndani ya mwanga wa nyota, lakini inatofautiana nayo kwa jambo moja: mistari ya nyota inahama kwa makumi ya mita kwa sekunde, ya sayari inahama kwa zaidi ya kilomita mia moja, tena kwa upande ulio kinyume. Watafiti waliifuata kwa darubini kubwa za Chile, na kuanzia mwaka 2013 wakatangaza kwamba wameipata: sayari inakuja kwetu na kutuacha kwa kasi inayofika kilomita 133 hivi kwa sekunde.

Linganisheni na ile 136 tuliyopata kwa Kepler. Hiyo ni kasi kamili, hii ni kasi ya upande wetu tu, na 133 kwa 136 ni karibu 0.98. Sin i ndiyo hiyo. Uzito wa nyota una shaka yake kidogo, kwa hiyo pembe yenyewe haijulikani kwa usahihi mkubwa; ni kati ya digrii 70 na 82 hivi. Lakini sin i katika pembe hizo haibadiliki sana, na sakafu ya 0.47 inapanda kidogo tu, ikibaki pale pale karibu na nusu ya Mshtarii.